Jinsi ya kufuatilia msukumo wa mhusika mkuu anayebadilika

Swali la mhusika anayebadilika hurudi mara kwa mara katika karatasi ya fasihi, na wanafunzi wengi hulijibu kwa njia moja: mwanzoni mhusika alikuwa mchoyo, mwishoni akawa mkarimu. Au mwanzoni alikuwa mwoga, mwishoni jasiri. Kila sifa hupewa mfano wake, basi, mwanafunzi anahamia swali linalofuata. Jibu la namna hiyo halijakosea, ila halijafika. Limeonyesha kwamba mhusika alikuwa huku na sasa yuko kule. Halijaonyesha kilichomtoa huku kikampeleka kule, na hilo ndilo swali lilikuwa linauliza.

Ninafundisha fasihi hapa Kisumu, na njia ninayoieleza ndiyo ninayoitumia na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Msingi wake ni mmoja: usifuatilie sifa, fuatilia msukumo, yaani kile kinachomfanya mhusika atende analotenda. Mhusika anaweza kubadilisha matendo yake yote huku msukumo ukabaki ule ule. Huyo hajabadilika bado, hata kama anaonekana mtu mwingine. Na anaweza kurudia tendo lile lile alilofanya mwanzoni, neno kwa neno, kumbe ndani amegeuka kabisa. Anayehesabu sifa peke yake atawakosea wahusika wote hao wawili.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga hadithi fupi ya kufanyia kazi. Isome yote kwanza bila kuandika chochote.

Hadithi ya kufanyia kazi: Daftari la Nekesa

Nekesa anauza sweta za mitumba katika soko la Kibuye. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha wanawake wa sokoni. Kila Jumapili jioni wanachama hutoa mchango. Sehemu humwendea mwenye zamu, na sehemu hubaki katika sanduku la dharura ambalo Nekesa hulilaza chini ya kitanda chake.

Siku moja Mama Awino, muuza omena, anakuja kuomba mkopo wa shilingi 3,000 amlipie bintiye karo. Nekesa anafungua daftari. "Mama Awino, deni la kwanza halijaisha." Mama Awino anasimama kidogo, kisha anaondoka. Wanawake waliosikia wanamsifu Nekesa kwamba mkono wake ni safi. Usiku huo, kama kila usiku, Nekesa anahesabu pesa za sanduku mara tatu ndipo alale. Msimulizi anaturudisha nyuma: Nekesa akiwa na umri wa miaka kumi, kule Webuye, wanawake wa chama cha mamake walikuja mchana kweupe wakachukua cherehani kwa sababu ya deni. Majirani walisimama uani wakitazama. Tangu siku hiyo mamake hakuketi tena na wanawake wenzake.

Miezi inapita. Wafula, ndugu yake Nekesa, anagonga bodaboda aliyokodi. Mwenye pikipiki anataka shilingi 15,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo atakwenda polisi. Nekesa anazitoa sandukuni usiku. Anashika kalamu, analitazama daftari, kisha analifunga bila kuandika kitu. Jumapili pesa zinapohesabiwa zinapungua, mwenyekiti anauliza ni nani aliyefika nyumbani kwa Nekesa wiki hiyo. "Mama Awino alikuja Jumanne," Nekesa anajibu. Ni kweli alikuja. Alikuwa ameleta malipo ya deni lake. Nekesa haongezi neno. Wengine wanamalizia wenyewe, na Mama Awino anafukuzwa.

Baada ya wiki kadhaa, Jumatatu asubuhi, Nekesa anamwona Awino akipita katikati ya vibanda na beseni la omena kichwani, siku ambayo watoto wako darasani. Anamwita anunue. Msichana anapima gorogoro, anarudisha chenji bila kuinua macho. "Mama hatoki nyumbani siku hizi, aunti," anasema, kisha anaondoka. Usiku huo Nekesa hahesabu pesa.

Jumapili inayofuata anakuja na shilingi 11,000. Ameuza bela zima la sweta kwa hasara. Anaziweka juu ya mkeka. "Pesa nilizichukua mimi. Mama Awino alikuja kulipa. Elfu nne zilizobaki nitazilipa." Anavuliwa uweka hazina. Mama Awino anarudishwa chamani, na hamsalimii Nekesa.

Mwishoni mwa hadithi mweka hazina mpya amejifungua, na Nekesa anaombwa kushika daftari kwa muda. Ufunguo wa sanduku uko kwa Mama Awino. Rafiki wa karibu wa Nekesa anamjia kibandani wakiwa wawili tu, anamsihi aandike kwamba deni lake la zamani limelipwa, apate kustahili mkopo mpya. "Hakuna atakayejua." Nekesa anafunga daftari. "Deni la kwanza halijaisha," anasema. "Na pesa hizi ni za watu." Jumapili anawasomea wanachama orodha ya wadaiwa. Jina analoanza nalo ni lake: Nekesa, shilingi 2,000.

Hatua ya kwanza: tafuta maamuzi, acha sifa kando

Sasa rudi mwanzo na kalamu. Usitafute pahali msimulizi anaposema mhusika ni mtu wa aina gani. Tafuta pahali ambapo mhusika alikuwa na njia mbili au zaidi, akachagua moja, na uchaguzi huo ukawa na gharama kwake au kwa mtu mwingine. Hadithi ndefu ina mamia ya matendo, lakini maamuzi ya namna hiyo ni machache. Hata riwaya nzima mara nyingi utayapata sita au saba yenye uzito.

Kwa Nekesa ninayaona matano. Kumnyima Mama Awino mkopo. Kuchukua 15,000 bila kuziandika. Kujibu swali la mwenyekiti kwa ukweli nusu. Kukiri. Kumkatalia rafiki yake. Kuhesabu pesa mara tatu si uamuzi, ni tabia, na kumwita Awino ili anunue omena hakumgharimu kitu. Hayo tutayahitaji kama ushahidi, lakini si nguzo za uchambuzi.

Utajuaje kama ulilochagua ni uamuzi kweli? Uliza angeweza kufanya nini kingine. Kama huna jibu, basi hapakuwa na uchaguzi, na tendo hilo linatuambia zaidi kuhusu hali aliyokuwamo kuliko kuhusu nafsi yake. Mhusika anayekimbia vita hajatuonyesha kwamba ni mwoga. Anayekimbia akamwacha mtoto ambaye angeweza kumbeba, huyo ametuonyesha jambo.

Hatua ya pili: tenganisha lengo na msukumo

Kwa kila uamuzi andika mistari miwili. Wa kwanza ni lengo: alitaka kupata nini hapo hapo? Wa pili ni msukumo: kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito kwake yeye, na si kwa mtu mwingine yeyote? Wanafunzi wengi huandika lengo na kudhani wameandika msukumo.

Chukua uamuzi wa kwanza. Lengo la Nekesa ni kulinda pesa za chama. Mweka hazina yeyote angekuwa na lengo hilo. Tukiishia hapo tutaandika kwamba Nekesa ni mwaminifu na anafuata sheria, na wanawake wa sokoni watatuunga mkono, kwa kuwa wao wanaona tendo tu. Lakini msimulizi ametuonyesha mambo mawili wasiyoyajua wao: anahesabu pesa mara tatu, na cherehani ya mamake. Mtu anayelinda pesa huhesabu mara moja, akirudia ni kwa uhakika. Anayehesabu mara tatu kila usiku anaogopa. Anaogopa nini? Si wizi; hadithi haina mwizi hata mmoja wa nje. Anaogopa siku ile ya uani, macho ya majirani, aibu ya kuonekana mdaiwa mbele za watu. Sheria ni kitu anachojifunika nacho.

Hapa ushahidi una madaraja. Mzito zaidi ni lile mhusika analolifanya akiwa peke yake, au akijua kwamba litamdhuru. Chini yake ni anayoyafanya mbele za watu. Baada yake, maneno ya wahusika wengine, ambao wana macho lakini pia wana sababu zao. Mwepesi kuliko yote ni maelezo ya mhusika kuhusu nafsi yake, hasa anapojitetea. Na msimulizi je? Akiwa wa nafsi ya tatu na anajua ya ndani, mwamini, isipokuwa pale hadithi yenyewe inapoonyesha kwamba hasemi yote. Akiwa ni mhusika mwenyewe anayesimulia kwa "mimi", rudi kwenye daraja la chini: unamsikia mtu akijieleza.

Hatua ya tatu: mwanzoni, tafuta kidonda kabla ya kutafuta tabia

Sehemu ya mwanzo isikuchukulie muda mrefu. Kazi yake ni kukupa jibu la swali moja: mhusika huyu anaamini nini kuhusu dunia, na imani hiyo aliipata wapi? Waandishi wengi huificha mbegu hiyo katika kumbukumbu fupi, kisengere nyuma cha aya moja, au maneno ya mzazi. Wanafunzi huiruka kwa sababu hakuna kinachotokea.

Imani ya Nekesa inaweza kuandikwa kwa sentensi moja: mwenye deni huaibishwa, na asiye na deni yuko salama. Iandike hivyo, kwa sentensi kamili yenye kiima na kiarifu. "Aibu" peke yake haitoshi, kwa maana haiwezi kuthibitishwa wala kuvunjwa. Sentensi inaweza kuvunjwa, na kuvunjika kwake ndiko tutakakokutafuta katikati ya hadithi.

Hatua ya nne: katikati, usidanganywe na tendo lililogeuka

Hapa ndipo uchambuzi mwingi huanguka, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Mwanafunzi anayefuata sifa ataona hivi: mwanzoni Nekesa alikuwa mwaminifu, katikati akawa mwizi na mwongo, kwa hiyo amebadilika. Wengine huongeza kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda ndugu yake. Yote mawili yanaonekana kuwa na ushahidi. Yajaribu kwa swali lile la hatua ya kwanza: angeweza kufanya nini kingine?

Angeweza kuchukua zile 15,000 na kuziandika. Angeweza kumpigia mwenyekiti simu akamweleza shida ya Wafula. Upendo wa ndugu unaeleza kwa nini alizitoa. Hauelezi kwa nini alishika kalamu kisha akafunga daftari. Wafula angeokoka vile vile hata kama jina la dada yake lingeandikwa. Kilichozuia kalamu ni kwamba jina la Nekesa lingekuwa katika orodha ya wadaiwa, na kwake orodha hiyo ni uani kwa mamake. Na anapoulizwa na mwenyekiti, anasema jambo la kweli, kisha ananyamaza. Hakuhitaji kumchukia Mama Awino. Alihitaji tu kwamba macho yageukie kwingine.

Kwa hiyo mwaminifu wa mwanzo na mwongo wa katikati ni mtu mmoja, mwenye msukumo mmoja. Hofu ya aibu ilimfanya ashike sheria wakati sheria ilimlinda, ikamfanya aivunje ilipotaka kumfichua. Ukiliona hili umepata hoja ambayo wenzako wengi hawatakuwa nayo: tendo limegeuka, msukumo umezidi nguvu. Sehemu ya katikati mara nyingi haibadilishi msukumo wa mhusika, humpa nafasi ya kuufuata mpaka mwisho wake, hadi uonekane ulivyo.

Basi mabadiliko yako wapi? Tafuta tukio linaloipiga ile sentensi ya imani. Hapa kosa la kawaida ni kutaja tukio kubwa kuliko yote. Ajali ya Wafula ni kubwa, kufukuzwa kwa Mama Awino ni kukubwa, lakini hakuna kati ya hayo lililogusa imani ya Nekesa. Kufukuzwa kwa Mama Awino, kwa kweli, kuliithibitisha: aliyetuhumiwa aliaibishwa, na Nekesa akabaki salama, kama alivyoamini siku zote.

Tukio linalopiga ni dogo sana, ni msichana kupima gorogoro ya omena. Tazama anachokisema: mamake hatoki nyumbani. Tumeshasikia habari ya mama asiyeketi tena na wenzake, nayo tuliisikia Webuye. Mwandishi amezirudia makusudi, ili Nekesa aione siku yake ya utotoni kutoka upande wa pili. Mama Awino hakuwa na deni. Alikuwa amekuja kulipa. Kwa hiyo asiye na deni hayuko salama, sentensi imevunjika. Na waliobeba cherehani wamepata sura mpya, sura ya Nekesa mwenyewe.

Kuandika kwamba "alimhurumia Awino" ni kweli ila ni kidogo mno. Huruma angeweza kuimaliza kwa kumlipia karo kimyakimya, na jina lake likabaki safi. Hakufanya hivyo. Ushahidi kwamba jambo lililogeuka ni la ndani zaidi umo katika sentensi fupi inayofuata: usiku huo hakuhesabu pesa. Ile tabia iliyozaliwa na hofu imekatika kabla hajakiri, kabla mtu yeyote hajajua.

Ukiwa na kitabu kirefu, tumia njia hiyo hiyo kupata mahali pa mgeuko: tafuta tabia ndogo iliyokuwa inarudiwa tangu mwanzo, kisha angalia ni ukurasa gani inapokoma au inapofanywa vingine. Mara nyingi mgeuko uko kurasa chache kabla ya hapo, na karibu kila mara uko kabla ya tendo kubwa ambalo darasa zima litalitaja.

Hatua ya tano: mwishoni, linganisha maamuzi mawili yanayofanana

Waandishi stadi humrudisha mhusika mwishoni katika hali inayofanana na ya mwanzo. Itafute. Katika hadithi yetu ni ombi linalohusu mkopo kutoka kwa mtu ambaye deni lake halijaisha, na jibu ni lile lile: "Deni la kwanza halijaisha." Anayehesabu sifa atasema Nekesa amerudia ukali wake na hajabadilika. Weka maamuzi hayo mawili kando kwa kando uone kilichohama.

Mara ya kwanza aliyenyimwa hakuwa wa karibu naye, na watu walikuwa wanasikia. Kukataa kulimletea sifa. Mara ya pili aliyenyimwa ni rafiki, hakuna anayesikia, na kukataa kunaweza kumpotezea rafiki huyo. Mara ya kwanza hakutoa sababu zaidi ya deni lenyewe. Mara ya pili anaongeza, "pesa hizi ni za watu." Watu hao sasa wapo akilini mwake, tena mmoja wao anashika ufunguo na hamsalimii.

Kabla ya kuridhika, jaribu kujipinga. Msomaji makini anaweza kusema: bado ni hofu ya aibu ile ile, Nekesa amekataa kwa sababu ameshaumbuka mara moja, na Mama Awino anamchunga. Ni pingamizi nzuri, na usiikwepe kwa kusema tu kwamba ametubu. Itafutie jibu ndani ya matini. Kwanza, rafiki ameomba mstari mmoja katika daftari, si pesa za sandukuni, na daftari liko mikononi mwa Nekesa peke yake. Ufunguo wa Mama Awino hauhusiki. Pili, alipokiri hakuna aliyekuwa anamshuku, na mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Tatu, na hili ndilo zito, anaanza kusoma orodha kwa jina lake. Mtu anayeongozwa na hofu ya kuonekana mdaiwa angeweza kufanya mambo mengi mema, lakini hilo asingelifanya. Kile alichokimbia tangu akiwa na miaka kumi, sasa anakitamka kwa sauti mbele ya wanawake wote.

Msukumo wa mwisho ni upi basi? Mimi naandika hivi: Nekesa sasa anatenda kwa kuwajibika kwa watu ambao kitendo chake kinawagusa, hata kama jina lake litaumia. Hofu haijaisha, hadithi haisemi hivyo, nawe usiseme. Ila haishiki usukani tena. Mwanafunzi anayeandika kwamba mhusika "amebadilika kabisa" huwa amejitwika mzigo wa kuthibitisha zaidi ya alichoulizwa.

Hatua ya sita: geuza maandishi yako yawe jibu

Swali la insha ya fasihi la alama 20 halihitaji uisimulie hadithi upya. Mtahini anaijua. Anachotafuta ni hoja, ufafanuzi na mfano kutoka kwenye matini, na hoja zilizofuatana. Kwa mhusika anayebadilika, kila aya ibebe mambo matatu: uamuzi, msukumo wake, na ushahidi unaofunga njia nyingine za kuueleza uamuzi huo.

Hii ni aya ya kawaida, ya aina ninayoisahihisha kila muhula: "Nekesa ni mwongo. Aliwadanganya wanachama kwamba Mama Awino ndiye aliyeiba pesa. Hii inaonyesha amebadilika kwa sababu mwanzoni alikuwa mwaminifu." Ina kosa la matini, kwani Nekesa hakusema kwamba Mama Awino aliiba. Kosa hilo limetokana na haraka ya kuipa sifa mfano unaolingana nayo. Sifa ikitangulia, tukio hupindwa lifae.

Hii ni ile ile baada ya kufuata hatua: "Katikati ya hadithi Nekesa anachukua pesa za chama bila kuziandika, na anapoulizwa anataja tu kwamba Mama Awino alifika kwake. Ingawa tendo hili ni kinyume cha ukali wake wa awali, linatokana na msukumo ule ule wa kuogopa aibu ya deni, aibu aliyoishuhudia cherehani ya mamake ilipochukuliwa. Angeweza kumwokoa Wafula na bado akaandika mkopo. Alichokwepa si gharama ya pesa bali jina lake kuingia katika orodha ya wadaiwa. Kwa hiyo hapa hajabadilika bado; hofu yake imeonekana wazi zaidi." Urefu umeongezeka kidogo tu, lakini kila sentensi ina kazi.

Kama swali ni la dondoo na umepewa maneno "Deni la kwanza halijaisha", angalia kwanza ni mara ya ngapi yanasemwa. Muktadha wa mara ya kwanza na wa mara ya pili hauna msemewa mmoja wala sababu moja, na dondoo nyingi za mhusika anayebadilika huchaguliwa kutoka kwenye maneno yanayorudiwa.

Pale njia hii inapogonga mwamba

Kuna wahusika wakuu ambao hali yao inabadilika sana huku wao wasibadilike. Maskini anatajirika, mfungwa anaachiliwa, yatima anampata babake. Ukizipitia hatua hizi na sentensi ya imani ikabaki nzima hadi mwisho, usilazimishe mgeuko. Andika kwamba mhusika amebaki alivyo na kwamba kilichohama ni mazingira, kisha uonyeshe jinsi uthabiti huo ulivyowabadilisha wengine waliomzunguka. Mara nyingi ndiko mwandishi alikokuwa anaelekea.

Kuna pia anayebadilika kuelekea ubaya. Njia ni ile ile, ila hapa imani ya mwanzo huwa njema na tukio la katikati huivunja. Tofauti iko katika tabia ndogo zinazokoma: kiongozi aliyekuwa akila na wafanyakazi wake anaanza kuletewa chakula ofisini, na hilo hutokea mapema sana kabla ya hongo ya kwanza.

Na kuna kazi ambazo mgeuko haukuandaliwa. Mhusika anaamka sura ya mwisho akiwa mtu mwema, bila tukio lililoipiga imani yake na bila tabia yoyote iliyokoma njiani. Umetafuta mara mbili, hukupata. Usimtungie mwandishi sababu ambayo hakuiweka. Sema kwamba mabadiliko yametangazwa na hayakujengwa, utaje ukurasa ambao ulitarajia kuona daraja, na ueleze ni uamuzi gani wa mhusika unaobaki bila maelezo kwa kukosekana kwake.